Rufaa ya alama hujengwa kwa vigezo, si machozi

Muhula uliopita, mwanafunzi wangu aliniandikia: “Prof, nimejitahidi sana, naomba unifikirie.” Nikamrudishia barua. Juhudi haimo katika mwongozo wa usahihishaji, basi ningeipima kwa nini?

Barua ya pili ilikuwa hivi: “Kigezo cha 3 kinadai mifano mitatu ya nomino zenye umbo la KI-VI zinazochukua upatanisho wa A-WA, alama 2 kwa kila mfano. Katika ukurasa wa 4 nimetoa ‘kijana anacheza’, ‘kipofu amefika’ na ‘kisu kimepotea’. Nimetuzwa alama 2 kati ya 6. Naomba sehemu hiyo isahihishwe upya.”

Hapo nilikuwa na la kufanya. Nilifungua ukurasa ule nikaona kosa langu: ‘kipofu’ nilikuwa nimemruka. ‘Kisu’ hakikustahili, maana si kiumbe hai na upatanisho wake ni KI-VI. Alama zikawa 4.

Tazama alivyojenga hoja: kigezo, ukurasa, alama, ombi. Hakunishutumu kwa uonevu. Hata hivyo, angalijipima kwa kigezo hichohicho kabla ya kuandika, angalidai 4, si kuniachia ‘kisu’ nimkate nacho.