Kilo zinapanda kwenye simu, je, nguvu nazo zinapanda?

Siku hizi kijana anayefanya mazoezi ya vyuma haji kliniki na maelezo tu, anakuja na picha za skrini kutoka kwenye programu ya simu anamoandika mazoezi yake. Mzazi naye huziona, akaona mistari inapanda, akaridhika. Leo nakuonyesha namna ya kuzisoma picha hizo kwa mwezi mmoja, kwa sababu mstari unaopanda unaweza kukuficha jambo.

Tumchukue kijana wa miaka 19 wa Malampaka, wilayani Maswa, anayefanya zoezi la kuchuchumaa akiwa na chuma mabegani. Namba nitakazotumia ni za mfano, lakini hali yenyewe naikuta mara kwa mara.

Kwanza tafuta ujazo wa wiki, yaani jumla ya kilo alizoinua. Zidisha idadi ya seti kwa marudio, kisha kwa uzito wa chuma. Wiki ya kwanza alifanya siku mbili, seti tatu kila siku kwa kilo 40. Seti zote zilikuwa za marudio manane, isipokuwa ya mwisho ya siku ya pili, ambayo aliifanya mpaka akashindwa kuendelea: marudio 12. Jumla ni kilo 2,080. Wiki ya pili akaongeza seti moja kila siku, ikawa 2,560.

Wiki ya nne programu ilimwonyesha 5,995. Hapo usishangilie haraka. Fungua picha ya kila siku, na utakuta ameanza kuandika pia seti mbili za kupasha mwili kwa chuma kitupu cha kilo 20, marudio kumi kumi, kwa siku tatu. Hizo ni kilo 1,200 ambazo wiki ya kwanza hakuziandika, ingawa alizifanya. Ukiziondoa inabaki 4,795. Bado ni zaidi ya mara mbili ya alipoanzia. Seti ngumu nazo zimetoka sita kwa wiki hadi 15.

Hakikisha pia kwamba kila wiki imehesabiwa Jumatatu hadi Jumapili na hakuna picha iliyorudiwa. Na kama vyuma vya jimu yenu ni vya kuchomelea au vya saruji, vipimeni kwenye mizani. Mizani ya pamba haikosekani huko kwetu.

Sasa nguvu. Hii haipimwi kwa ujazo. Chukua seti moja bora ya wiki, ile aliyoifanya mpaka karibu kushindwa, uiweke kwenye kanuni ya Epley inayokadiria uzito ambao mtu angeuinua mara moja tu:

uzito × (1 + marudio ÷ 30)

Wiki ya kwanza: kilo 40 kwa marudio 12 inatoa 56. Wiki ya nne aliweka kilo 45, akajivunia, lakini marudio yakawa saba. Hiyo inatoa 55.5. Tofauti ya nusu kilo si kushuka, maana kanuni hii ni makadirio na hupotosha zaidi marudio yakizidi kumi. Lakini si kupanda pia. Kazi imeongezeka maradufu, nguvu imesimama palepale.

Kwa nini? Mara nyingi mwili haukupata muda wa kujijenga kati ya siku na siku. Tena simu haioni kila kitu. Kijana aliyebeba magunia ya pamba mchana kutwa, akala mlo mmoja na kulala saa tano, amefanya mazoezi mengine ambayo hayamo kwenye picha yoyote. Ndiyo maana mimi huuliza habari za shamba kabla ya habari za jimu.

Kijana wa namna hii namshauri arudi kwenye seti sita kwa wiki moja kwa uzito uleule wa kilo 40. Wiki inayofuata, akiwa amepumzika siku mbili, afanye seti moja ya kujipima. Ikitoa zaidi ya 56 kwa kilo mbili tatu, uchovu ndio uliokuwa umemshika. Baada ya hapo aongeze seti moja au mbili tu kwa wiki.

Kuna hali ambayo haisubiri hesabu. Ujazo ukirushwa juu ghafla, hasa kwenye joto na maji kidogo, misuli inaweza kuvunjika na mabaki yake yakaziba figo. Mkojo ukiwa na rangi ya soda nyeusi au ya chai ya rangi, misuli ikivimba, ikauma kupita kawaida na kukosa nguvu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Asimeze diklofenaki wala ibuprofeni kutuliza maumivu hayo, kwani huongeza mzigo kwa figo. Nenda na zile picha za wiki ya mwisho, daktari atazihitaji.