Swali la Sarafu Linalofichua Kosa la Mcheza Kamari

Mwalimu anaandika ubaoni: sarafu isiyo na upendeleo imerushwa mara tano na kutoa kichwa mara zote tano, uwezekano wa kupata kichwa mara ya sita ni upi? Karibu darasa zima linaandika nusu, mwalimu anaweka vema, somo linasonga mbele. Jioni, mwanafunzi yuleyule anacheza ludo. Anatafuta sita ili atoe kete yake nje, dadu inamkatalia, na kila anapoirusha tena anazidi kuamini kwamba sasa sita imekaribia. Swali la asubuhi halikuigusa imani hiyo. Lilipima kama anakumbuka alichofundishwa, basi.

Imani hiyo huitwa kosa la mcheza kamari: kudhani kwamba bahati ina deni, na tokeo lililokawia lazima lije kulipwa. Ni kosa la zamani. Mwaka 1814 mwanahisabati Mfaransa Pierre-Simon Laplace aliandika juu ya wanaume waliotamani watoto wa kiume, wakawa wanaingiwa na wasiwasi kila waliposikia wavulana wengine wamezaliwa mwezi ule. Walidhani idadi ya wavulana itajazwa na wengine, kisha wao wabakiziwe wasichana.

Anayetaka kulifichua kosa hili kwa swali ana kipimo kimoja cha kuanzia. Baada ya kuandika swali, analijibu mara mbili: kwanza kwa fikra sahihi, kisha kwa makusudi kama mtu mwenye kosa. Majibu yakilingana, swali halifai hata likiwa gumu. Na kama jibu sahihi ni “nusu”, neno ambalo kila mwanafunzi amelikariri, swali lina mlango wa kutorokea.

Tuanze na swali linalojulikana sana katika utafiti wa ufundishaji. Sarafu inarushwa mara tano. K ni kichwa, M ni mkia. Ni mfuatano upi una uwezekano mkubwa zaidi: KKKMM, MKKMK, MKMMM, KMKMK, au yote ina uwezekano sawa? Jibu ni kwamba yote ni sawa. Kila mrusho una uwezekano wa 1/2, kwa hiyo kila mfuatano una uwezekano wa 1/2 × 1/2 × 1/2 × 1/2 × 1/2, yaani 1/32. Mwaka 1993 Clifford Konold na wenzake nchini Marekani walichapisha walichokiona walipoongeza sehemu ya pili: ni upi una uwezekano mdogo zaidi? Baadhi ya waliosema kwanza kwamba yote ni sawa waligeuka na kuchagua mmoja kuwa ndio mgumu kutokea. Kama yote ni sawa, hauwezi kuwapo ulio mdogo zaidi.

Kwa nini wajipinge hivyo? Maelezo ya Konold yanamsaidia sana mtunga maswali. Mwanafunzi akiulizwa juu ya uwezekano “mkubwa zaidi”, husikia anaombwa kutabiri kitakachotokea. Kwa kuwa hawezi kutabiri, anajibu “yote sawa”, akimaanisha “lolote laweza kutokea”. Hajapiga hesabu yoyote. Anapoulizwa kuhusu ulio mdogo zaidi, haoni tena kwamba anaombwa utabiri. Anautazama kila mfuatano, na ule usiofanana na picha yake ya bahati nasibu anauona wa ajabu. Ndiyo maana maswali hayo mawili yaulizwe kwa pamoja, na chini yake ibaki mistari miwili ya kueleza sababu. Anayeandika “kila mmoja ni 1/32” na anayeandika “huwezi kujua” wamechagua jibu moja, lakini hawako mahali pamoja.

Swali la pili linaufunga mlango wa “nusu” kabisa. Sarafu isiyo na upendeleo imerushwa mara 10 na kutoa vichwa 10. Sasa itarushwa mara 1000 zaidi. Katika mirusho yote 1010, unatarajia vichwa vingapi kwa wastani?

Mwenye kosa hugawa 1010 kwa 2 na kupata 505. Jibu sahihi ni 510: vichwa 10 vilivyokwisha kupatikana, pamoja na 500 vinavyotarajiwa katika mirusho inayokuja. Ili jibu liwe 505, mirusho 1000 ingelazimika kutoa vichwa 495 tu kwa wastani, yaani sarafu ikumbuke ilichofanya na kuanza kufidia. Tofauti ya namba tano inatosha kumwonyesha mwalimu nani yuko wapi.

Swali hili pia linafika kwenye mzizi wa kosa. Wanafunzi wamesikia, na ni kweli, kwamba mirusho ikiwa mingi sehemu ya vichwa hukaribia nusu. Wanahitimisha kwamba lazima mikia ije kwa wingi kusawazisha. Lakini 510 kati ya 1010 ni asilimia 50.5, na hiyo iko karibu sana na nusu bila mkia hata mmoja wa ziada. Vile vichwa 10 havikufidiwa. Vimemezwa na wingi. Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walitumia muundo huu mwaka 1971. Katika kundi la watoto 50 waliochaguliwa kwa nasibu kutoka mji wenye wastani wa 100 katika kipimo cha akili, wa kwanza kupimwa anapata 150. Utarajie wastani gani kwa wote 50? Wengi husema 100. Jibu ni 101.

Hata hivyo, mwanafunzi anayefuzu maswali haya anaweza kubaki na kanuni ya juu juu: “ya nyuma hayahusiki kamwe.” Hapo zinahitajika dadu mbili, moja nyekundu na moja nyeupe. Nyekundu imerushwa kwanza, ikatoa 4. Je, habari hiyo inabadilisha uwezekano wa kupata jumla ya 7? Na jumla ya 8?

Kabla ya kurusha, kuna matokeo 36. Sita kati yake yanatoa 7, kwa hiyo uwezekano ni 1/6. Baada ya kuona 4, nyeupe inatakiwa itoe 3, na huo nao ni 1/6. Hakuna kilichobadilika: “nyekundu ni 4” na “jumla ni 7” ni matukio huru. Kwa 8, matokeo yanayofaa ni matano tu, 5/36. Baada ya kuona 4, nyeupe inatakiwa itoe 4, uwezekano ni 1/6, yaani 6/36. Umepanda, kwa hiyo matukio hayo si huru. Sababu iko wazi ukitazama nyekundu: kila namba yake inaacha namba moja ya kukamilisha 7, lakini ikitoa 1, kufika 8 haiwezekani.

Anayesema “dadu hazigusani, kwa hiyo yote ni huru” anakosea kwenye 8. Anayesema “jumla ina nyekundu ndani yake, kwa hiyo hakuna lililo huru” anakosea kwenye 7. Anayepata yote mawili amelinganisha uwezekano kabla na baada ya habari, na maana ya uhuru wa matukio ni hiyo.

Mtunga swali asiache kuandika maneno “isiyo na upendeleo”. Bila hayo, anayeona vichwa 20 mfululizo na kutabiri kichwa tena huenda anafikiri vizuri kuliko swali lenyewe: ameanza kuishuku sarafu, na ana haki.