Damu Inapoganda Mahali Isipotakiwa

Mwaka 1965 daktari wa Norwe, Olav Egeberg, aliandika habari za familia moja iliyosumbuliwa na mabonge ya damu ndani ya mishipa. Alipoipima damu yao, alikuta antithrombini, protini inayozuia kuganda, imebaki karibu nusu ya kiwango cha kawaida. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mtu anaweza kurithi damu yenye wepesi wa kuganda. Familia zenye upungufu wa protini C zilielezwa mwaka 1981, na za protini S mwaka 1984.

Zote tatu ni breki. Ukijikata kisu, damu hutengeneza thrombini, kimeng'enya kinachozalisha nyuzi za kuziba jeraha, na kuganda huko kunatakiwa kuishia pale pale. Antithrombini huikamata thrombini na kuizima. Protini C ina njia yake: thrombini inapofika kwenye ukuta mzima wa mshipa, hunaswa hapo, huacha kugandisha, na badala yake huiamsha protini C. Hii, ikisaidiwa na protini S, huvikata vigandishi ambavyo bila hivyo thrombini nyingi haitengenezwi tena.

Aliyerithi jeni moja yenye hitilafu kutoka kwa mzazi hubakiwa na takriban nusu ya protini hiyo, na kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Wengi hukaa miaka bila dalili yoyote, mpaka kitu kingine kiongezeke: mimba, upasuaji, kulala kitandani kwa muda mrefu, au vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni.

Ugumu uko kwenye kupima. Tuseme mama wa miaka 28, wiki moja baada ya kujifungua, amevimba mguu wa kushoto kuanzia pajani. Ultrasaundi inaonyesha damu imeganda kwenye mshipa mkubwa, naye anaanzishiwa sindano za heparini. Siku ya tatu majibu ya maabara yanarudi: protini S asilimia 38, antithrombini asilimia 68, protini C ya kawaida. Mtu asiye mwangalifu atasema mama huyu amerithi kasoro mbili.

Lakini protini S hushuka kwa kila mjamzito, na huchukua wiki kadhaa baada ya kujifungua kurudi ilipokuwa. Antithrombini nayo hutumika bonge linapojijenga, na heparini huipunguza zaidi. Jibu la kuaminika kati ya hayo ni la protini C, maana kiwango kikiwa cha kawaida hata katika siku mbaya kama hizo, upungufu wa kurithi haupo. Mengine yanapaswa kurudiwa matibabu yakishakwisha, kwa kawaida baada ya miezi mitatu au zaidi.

Kama mama huyu atahamia vidonge vya warfarini, lazima navyo viwe vimeachwa wiki kadhaa kabla ya kupima. Warfarini huzuia kazi ya vitamini K, ambayo ini huihitaji kutengeneza vigandishi, na pia protini C na S. Protini C hupungua kwa nusu ndani ya saa 8 hivi. Kigandishi kinachozaa thrombini huchukua siku mbili hadi tatu. Kwa hiyo siku za mwanzo breki hulegea kabla mwendo haujapungua. Kwa aliyezaliwa na nusu ya protini C, mishipa midogo ya ngozi inaweza kuziba: maumivu ya titi, paja au tako, kisha ngozi kuwa nyeusi, mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya sita. Ndiyo sababu heparini huendelea pamoja na warfarini kwa siku tano au zaidi, hadi kipimo cha INR kifike 2 na kikae hapo kwa siku nzima. Heparini yenyewe hufanya kazi kupitia antithrombini. Dozi kubwa isipoleta matokeo yanayotarajiwa, upungufu wa antithrombini ni mojawapo ya mambo ya kushuku.

Mama wetu akirudia vipimo baada ya miezi mitano akapata protini S asilimia 84 na antithrombini asilimia 102, hakurithi upungufu wowote kati ya hizo tatu. Bado ataepuka vidonge vya estrojeni, na mimba ijayo atahitaji kinga ya sindano, kwa sababu bonge lake lilitokana na uzazi. Lakini majibu ya siku ya tatu yangeaminiwa, dada zake na binti yake nao wangehesabiwa kuwa na ugonjwa ambao ukoo wao hauna.