Nishati au Nguvu: Kupima Ishara kwa Kujumlisha Miraba

Ishara ya nishati ni ile ambayo miraba ya thamani zake zote, ikijumlishwa tangu mwanzo hadi mwisho wa wakati, hutoa namba yenye kikomo. Ishara ya nguvu ni ile ambayo jumla hiyo hukua bila kikomo, lakini wastani wake kwa kila sampuli hutulia kwenye namba moja iliyo kubwa kuliko sifuri. Pigo moja la ngoma huvuma, likafifia, likaisha: hilo ni la kundi la kwanza. Wimbi la umeme wa nyumbani, likichukuliwa kuwa halikatiki kamwe, ni la kundi la pili.

Mraba hapa una asili yake katika umeme. Volti 3 zikiwekwa kwenye kipingamizi cha omu 1, joto linalotoka ni juli 9 kwa kila sekunde. Volti zikigeuzwa kuwa −3, joto ni lile lile. Kwa hiyo thamani hasi haifuti thamani chanya, na ndiyo maana hazijumlishwi thamani zenyewe. Ishara inapohifadhiwa kama mfuatano wa namba x[n], nishati E na nguvu P huandikwa hivi:

```
E = Σ |x[n]|²                        (n zote)
P = lim 1/(2N+1) · Σ |x[n]|²         (n = −N … N, N → ∞)
```

Kigawanyo 2N+1 ni idadi ya sampuli kutoka −N hadi N, sifuri ikiwemo.

Uchukuliwe mfuatano unaoanzia n = 0 na kupungua kwa nusu kila hatua: 1, 1/2, 1/4, 1/8 na kuendelea. Kabla ya hapo thamani zote ni sifuri. Miraba yake ni 1, 1/4, 1/16, 1/64. Jumla inapanda hivi: 1, kisha 1.25, kisha 1.3125, kisha 1.328, na kila nyongeza ni ndogo kuliko iliyotangulia. Inakoishia hupatikana kwa njia nyepesi. Ukiondoa namba ya kwanza, miraba iliyobaki ni robo ya mfuatano mzima wa miraba, hivyo E = 1 + E/4, na E ni 4/3. Anayesahau mraba hupata 2. Nguvu yake ni sifuri, kwa kuwa 4/3 ikigawanywa kwa idadi ya sampuli inayozidi kukua huyeyuka.

Sasa uchukuliwe mfuatano ambao ni sifuri hadi n = −1, kisha ni 1 daima. Nishati yake haina kikomo. Kwa N = 10, jumla ya miraba ni 11 na sampuli ni 21, wastani 0.524. Kwa N = 1000 wastani ni 1001/2001, yaani 0.50025. Nguvu ni 1/2. Anayepata 1 amegawanya kwa sampuli za upande wa kulia tu, akausahau upande wa kushoto uliojaa sifuri.

Mfuatano unaojirudia hauhitaji kikomo: hutosha kutafuta wastani wa miraba katika mzunguko mmoja. Umeme wa hezi 50, wenye kilele cha 1, ukipimwa mara 200 kwa sekunde kuanzia kileleni, hutoa 1, 0, −1, 0. Miraba minne inajumlika kuwa 2, na nguvu ni 1/2. Ukipimwa mara 100 tu kwa sekunde hutoa 1, −1, 1, −1, na nguvu ya mfuatano huo ni 1. Kipimo kikianza pale wimbi linapovuka sifuri, hutoa sifuri tupu. Hesabu haijakosea popote. Sampuli ndizo chache mno kuliwakilisha wimbi.

Kuna ishara zisizoingia kundi lolote. Mfuatano 0, 1, 2, 3 unaopanda milele hauna kikomo cha nishati wala cha nguvu. Mgumu zaidi kuutambua ni ule unaofifia polepole mno. Mfuatano 1/n, kuanzia n = 1, una nishati π²/6, karibu 1.645, ingawa thamani zake zenyewe zikijumlishwa hazina kikomo. Lakini 1/√n ukipigwa mraba hurudi kuwa 1/n, na jumla hiyo haikomi: huivuka 10 kwenye sampuli ya 12,367, kisha huendelea. Wastani wake hapo, yaani takribani 10 kwa sampuli 24,735, ni 0.0004 na bado unashuka kuelekea sifuri. Nishati yake haina kikomo, nguvu yake ni sifuri, na kwa hiyo si ishara ya nishati wala ya nguvu.