Namba 47 Yuko Wapi?

Kwenye kambi ya macho ya siku moja, kadi hukatwa vipande viwili vyenye namba ileile: kimoja hushikwa na mgonjwa, kingine hubanwa kwenye fomu yake. Kabla ya kugawa, piga hesabu. Daktari mmoja akitumia dakika 6 kwa mtu, saa 7 ni watu 70. Wa 71 aambiwe asubuhi, asije akashinda juani bure. Mwenye jicho lililoumia ghafla hasubiri namba.

Kila anayemaliza, kadi yake hutungwa kwenye waya mlangoni. Saa 8 mchana tulipozipanga, 47 haikuwapo. Mzee wa watu alikuwa bado chini ya mwembe. Alitiwa dawa ya kupanua mboni, namba haisomeki tena, na aliitwa mara moja tu, kwa sauti ya chini.