Irabu Zinaposukumana

Mtoto wa shule anayekutana na neno la Kiingereza "name" kwa mara ya kwanza hulisoma kama lilivyoandikwa: na-me. Mwalimu humsahihisha. Lakini London ya miaka 600 iliyopita isingemshangaa sana mtoto huyo. Wakati huo "name" ilitamkwa karibu na "naame", "time" karibu na "tiime", "house" ilikuwa "huus", na "moon" ilikuwa na o ndefu kama ile ya "choo". Leo ni neim, taim, haus na muun.

Kati ya takriban mwaka 1400 na 1700, irabu ndefu zote za Kiingereza zilihama. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, aliliita tukio hilo Mhamo Mkuu wa Irabu.

Ili kuona zilivyohama, tamka polepole i, e, a. Utahisi taya likishuka na ulimi ukienda chini. Sasa tamka u, o, a: ulimi unashuka vilevile, ila kwa upande wa nyuma ya kinywa. Katika Kiingereza, irabu ndefu zilipanda ngazi hizo. E ya "meet" ikawa i, na o ya "moon" ikawa u. Irabu zilizokuwa juu kabisa, i na u, hazikuwa na pa kupandia, kwa hiyo zilivunjika zikawa sauti mbili zilizoungana: i ikaishia kuwa ai, na u ikaishia kuwa au. Irabu fupi, kama ile ya "bit", hazikuingia katika msafara huo.

Swali ni nani alianza. Mfano wake ni benchi la daladala. Abiria wa mwisho akishuka, wa pili husogea kwenye nafasi iliyobaki wazi, na wa tatu humfuata. Huko ni kuvutana. Lakini abiria mpya akijibana upande huu, wote husogea hata kama hakuna aliyeshuka. Huko ni kusukumana. Jespersen alishikilia kuwa i na u ndizo zilizotoka kwanza, zikazivuta za chini. Karl Luick wa Austria akapinga: zilizoanza ni e na o, nazo zikazisukuma i na u.

Luick alikuwa na ushahidi mzuri kutoka kaskazini mwa Uingereza na Uskoti. Huko, kabla ya mhamo wenyewe kuanza, o ndefu ilikuwa tayari imesogea mbele ya kinywa, ikawa sauti inayokaribia u ya Kifaransa. Kwa hiyo nyuma ya kinywa hakukuwa na o ya kupanda na kuisukuma u. Matokeo yake, u haikuhama. Mpaka leo, Mskoti anayezungumza lugha ya kwao huiita nyumba "huus" na ng'ombe "kuu", wakati kusini ni "haus" na "kau". Kwa upande wa mbele, ambako e ilikuwa bado mahali pake, i ilivunjika kaskazini kama ilivyovunjika kusini. Kama u ingekuwa na desturi ya kuondoka yenyewe, ingeondoka na huko pia.

Hata hivyo, kuvutana nako kulikuwepo. Mwaka 1569 John Hart alichapisha kitabu cha tahajia kilichoandika maneno kwa kufuata matamshi. Kwake i ndefu ilikuwa imekwisha kuwa ei, lakini a ya "name" ilikuwa bado a. Maana yake ni kwamba ngazi za juu zilihama kwanza, na za chini zikapanda baadaye kujaza nafasi. Wanaisimu wengi leo husimulia hivyo: irabu za katikati zilisukuma za juu, kisha zikazivuta za chini.

Mnyororo huo haukuzuia kila mgongano. "Meet" na "meat" zilikuwa na irabu mbili tofauti, lakini hatimaye zote zikaishia miit. Maneno machache, kama "great" na "break", yaliachwa njiani.

Matamshi ya zama hizo hubainishwa kwa tahajia, vina na vitabu kama cha Hart. Kwa New Zealand kuna sauti zenyewe: kati ya 1946 na 1948 redio ya taifa ilirekodi wazee, baadhi yao wakiwa wamezaliwa miaka ya 1850. Wataalamu walipolinganisha rekodi hizo na vizazi vilivyofuata, waliona irabu fupi ya "bat" ikipanda kwanza, ya "bet" ikasogea juu, na ya "bit" ikahamia katikati ya kinywa. Kwa mgeni, "pen" ya New Zealand leo inaweza kusikika kama "pin".