Udongo Unaovujia Chini ya Nyumba

Jioni ya tarehe 8 Mei 1981, mjini Winter Park katika jimbo la Florida, Marekani, mti mmoja ulizama ardhini. Kufikia siku iliyofuata, shimo lilikuwa na upana wa takriban mita 100, na lilikuwa limemeza nyumba, magari na sehemu ya bwawa la kuogelea.

Mwamba wa chokaa ulio chini ya mji huo haukuyeyuka usiku ule. Maji ya mvua yana asidi hafifu inayokula chokaa kwenye nyufa, lakini kazi hiyo huchukua maelfu ya miaka. Kinachokimbia ni udongo ulio juu ya mwamba. Huvujia ndani ya ufa chembe kwa chembe, kama mchele kwenye gunia lililotoboka chini. Udongo ukishikamana, juu hubaki dari na chini huwa uvungu. Uvungu hupanda kidogo kidogo hadi dari inakuwa nyembamba, kisha inaporomoka ghafla.

Kinachouondoa udongo ni maji. Sehemu kubwa ya Unguja, Mombasa na Shimoni (jina lenyewe linatokana na mapango yake) imekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo nayo ni chokaa. Chukua nyumba ya huko yenye paa la mita 10 kwa 10. Mvua ya milimita 50 huangusha juu yake lita 5,000. Mfereji wa bati ukizimwaga zote kwenye kona moja, na chini ya kona hiyo kuna ufa, unauosha msingi kwa mikono yako mwenyewe. Karo na bomba linalovuja hufanya vivyo hivyo, tena kila siku.

Dalili huanza ndogo. Dimbwi linakauka upesi kuliko kawaida, maji ya kisima yanachafuka udongo bila sababu, nguzo ya uzio inainama, mlango unakwama, ukuta unapasuka. Nyufa za ardhini zikijipinda kama mwezi mchanga, hamisheni watu kwanza, kisha mwiteni mhandisi.

Kabla ya kujenga, kiwanja kitobolewe kwa mashine kwenye kona na chini ya nguzo nzito, hadi ndani ya mwamba. Mwambie mchimbaji aandike kila mahali fimbo iliposhuka ghafla au maji ya kuchimbia yalipopotea, maana hapo pana uvungu. Tundu moja likitoka zuri lisikupe usingizi, kwani ufa unaweza kuwa mita mbili pembeni.

Shimo dogo likishafunguka, wengi hulijaza kifusi, na masika yanayofuata hukisomba. Fundi anayejua hulichimba hadi aone koo la mwamba. Hulikwamisha kwa mawe makubwa yasiyoweza kupita, akafuatisha madogo, kokoto, kisha mchanga, ili kila tabaka lizuie lililo juu yake lisivuje. Juu kabisa hushindilia udongo wa mfinyanzi, akauinua kidogo katikati ili mvua itiririke nje.